Ankara yangu ilirudishwa mara mbili: saa na kazi ziandikwe vipi

"Nimemaliza kutengeneza tovuti ya kampuni moja hapa Mombasa, wiki tatu nzima. Sasa wananiambia niwaletee ankara na sijawahi kuandika hata moja. Nimeandika hivi: 'Kazi ya tovuti, saa 46, shilingi 69,000.' Rafiki yangu ameiona akacheka. Niandike vipi hizo saa na kazi zenyewe ili wasinirudishie?"

Dada, mwambie rafiki yako asicheke sana. Ankara yangu ya kwanza ilikuwa fupi kuliko hiyo yako, nayo ilirudi. Nikaandika ya pili ndefu kama risala ya harusi, ikarudi vilevile. Ya tatu ndiyo iliyolipwa, na kazi ilikuwa ni ileile na pesa ni zilezile hadi senti ya mwisho. Nitakuhadithia zote tatu.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2024. Kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, yenye yadi Changamwe na ofisi mjini, ilitaka kijitabu cha usalama kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wa yadini, pamoja na mabango ya kubandika ukutani. Tulikubaliana kwa barua pepe mambo manne. Kijitabu cha kurasa 24 kwa bei ya jumla ya shilingi 30,000. Mabango manne, kila moja 3,000. Marekebisho ya raundi mbili yamo ndani ya bei, ikija ya tatu inalipwa shilingi 1,500 kwa saa. Na ziara yoyote ya yadi watakayoniitia, pia 1,500 kwa saa. Angalia vizuri hapo: vitu viwili vina bei yao, na viwili vinalipwa kwa muda. Sikujua wakati ule kwamba tofauti hiyo ndiyo ankara yenyewe.

Tarehe 6 Machi nikatuma ya kwanza. Mstari mmoja: "Huduma za uandishi na usanifu, shilingi 54,750." Nilijiambia kwamba meneja anajua kila nilichofanya, tulikuwa tukipigiana simu kila siku, basi nieleze nini tena? Wiki moja baadaye nikaitwa na mhasibu. Mama mmoja mpole, miwani imemning'inia kifuani, ankara yangu mbele yake.

"Mwanangu, mimi hii nitailipaje? Mimi mkutanoni sikuwapo."

Hilo neno lake ndilo la kushika. Aliyekupa kazi siye anayelipa. Anayelipa ni mtu wa ghorofa nyingine, ana rundo la karatasi, na akiingiza malipo lazima awe na kitu cha kumwonyesha mkaguzi wa hesabu mwakani akiulizwa, "Hizi elfu hamsini na nne zilinunua nini?" Mstari wangu haukumpa jibu. "Huduma" inaweza kuwa chochote.

Basi nikarudi nyumbani Likoni nimekasirika, nikasema wanataka maelezo, watayapata. Ya pili ilikuwa na mistari 23. Nikaandika kila kitu: kusoma nyaraka zao, simu na meneja, kutafuta picha, kuandika sura ya kwanza, kupanga kurasa, na mahali pamoja, nakwambia kweli, niliandika "kutafakari muundo, saa 1.5". Kila mstari na saa zake. Kijitabu kilinichukua saa 17, mabango saa 13, nami nikaziweka zote wazi nikidhani huo ndio uaminifu.

Uaminifu ulikuwa, busara haikuwapo. Mhasibu akachukua kikokotoo. Kijitabu saa 17, bei 30,000. Lakini barua pepe inasema 1,500 kwa saa, na 17 mara 1,500 ni 25,500. "Mbona hapa kuna 4,500 zaidi?" Nikamweleza kwamba kijitabu kilikuwa bei ya jumla, hakikuwa cha saa. "Kama si cha saa, saa umeniandikia za nini?" Nilinyamaza. Halafu kuna kichekesho chake: kwa hesabu hiyohiyo mabango yangekuwa 19,500, si 12,000, maana saa 13 mara 1,500 ndiyo hiyo. Lakini upande huo hakuna aliyeuliza. Ndivyo ilivyo: ukiweka saa kwenye kitu chenye bei ya jumla, zitahesabiwa pale tu zinapokupunguzia.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza, nayo sijawahi kuivunja tangu siku ile: saa zinaandikwa kwenye ankara pale tu ambapo makubaliano yalikuwa ya saa. Kitu kilichokubaliwa kwa bei ya jumla kinaandikwa kwa idadi na bei yake, basi. Muda uliotumia ni siri ya daftari lako, ukusaidie kujua kama wakati ujao utoze zaidi. (Hayo mabango nilijipunja, na bila daftari nisingejua.)

Hii hapa ndiyo ya tatu, niliyoituma tarehe 25 Machi. Nimeondoa jina la kampuni tu:

1. Kijitabu cha usalama yadini, Kiswahili, kurasa 24. Kimekabidhiwa kwa faili la PDF tarehe 1 Machi 2024, kimepitishwa na meneja wa yadi kwa barua pepe ya tarehe 4 Machi. Bei ya makubaliano: 30,000.

2. Mabango ya usalama, ukubwa wa A2, faili tayari kwa kuchapwa. Yamekabidhiwa tarehe 4 Machi 2024. Mabango 4 × 3,000 = 12,000.

3. Ziara ya yadi, Changamwe, kwa mwaliko wa meneja, tarehe 8 Februari 2024. Muda: saa 3.00 × 1,500 = 4,500.

4. Marekebisho ya raundi ya tatu: sura ya foklifti imeandikwa upya na picha 6 zimebadilishwa, kwa ombi la barua pepe ya tarehe 26 Februari. Kazi ya tarehe 27 na 28 Februari 2024. Muda: saa 5.50 × 1,500 = 8,250.

Jumla: 54,750.

Mistari minne, kama mambo manne tuliyokubaliana, na kwa mpangilio uleule wa barua pepe isipokuwa hiyo miwili ya mwisho. Mhasibu aliweka barua pepe ile upande huu na ankara upande ule, akateremsha kidole mstari kwa mstari, na dakika mbili zilimtosha. Yeye hatafuti ufasaha. Anatafuta kulinganisha.

Tazama kila mstari una nini. Kwanza kuna kitu kinachoweza kuguswa au kufunguliwa: kijitabu, mabango, sura iliyoandikwa upya. "Kusaidia", "kushughulikia", "kufuatilia" na "n.k." havifunguki. Ukijikuta umeandika neno kama hilo, jiulize: nilipomaliza kufuatilia, mkononi mwao palibaki nini? Hicho ndicho uandike. Pili kuna tarehe ya kukabidhi, na ikiwezekana nani alikubali na kwa njia gani. Huo mstari wa "kimepitishwa kwa barua pepe ya tarehe 4 Machi" ndio uliofunga mjadala, kwa sababu mhasibu hakuhitaji tena kumtafuta meneja wa yadi kumuuliza kama kazi imefika. Na tatu, kwenye kazi za saa, kuna sababu ya hizo saa kuwapo. Raundi ya tatu haikuwa uzembe wangu, wao walileta foklifti za aina nyingine, vitufe havikufanana na picha zangu. Bila kutaja ombi lao la tarehe 26, mtu wa mbali angedhani ninawatoza kwa kusahihisha makosa yangu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye saa zenyewe, maana hapa Waswahili tuna mtego wetu wa peke yetu.

Pamoja na ile ankara ya pili nilikuwa nimeambatisha jedwali la saa. Mstari mmoja ulisomeka: "8 Februari, saa 3 hadi saa 6, ziara ya yadi, saa 3." Mimi na wewe tunaelewa: niliingia saa tatu asubuhi, nikatoka saa sita adhuhuri, jumla muda wa saa tatu. Lakini karani aliyekuwa anaingiza hesabu kwenye kompyuta akasoma 3:00 hadi 6:00, alfajiri! Akamwambia mhasibu kwamba yadi ilikuwa imefungwa wakati huo. Na hiyo "saa 3" ya mwisho hakujua ni muda au ni wakati. Wala simlaumu, nilikuwa nimeandika neno moja kwa maana mbili ndani ya mstari mmoja.

Tangu hapo kwenye jedwali natumia saa za kompyuta, 09:00 hadi 12:00, na safu ya mwisho naipa kichwa "Muda". Kwenye mistari ya ankara naandika "Muda: saa 3.00", na hizo sufuri mbili baada ya nukta zinatosha kumwonyesha mtu kwamba si saa ya ukutani. Najua wengi hapa mtasema uandike "masaa 3" na kila mtu ataelewa. Kwa mdomo naam, hata mimi nasema masaa. Kwenye karatasi ya kampuni waweza kukutana na mhasibu aliyesoma kwa mwalimu mkali wa Kiswahili. Chagua, ila usichanganye.

Kilichoniokoa kwenye hiyo ziara ni kitabu cha wageni pale getini. Askari alikuwa ameandika niliingia 09:10 na kutoka 12:05. Ni saa mbili na dakika 55. Mimi nilikuwa nimeweka tatu, basi nikaulizwa hizo dakika tano. Dakika tano! Lakini swali ni halali. Siku hizi chini ya jedwali langu kuna sentensi moja: "Muda umewekwa kwa robo saa iliyo karibu zaidi." Ikiwa kazi ilikwisha 12:05 naandika 12:05, siandiki 12:10 ili ionekane nzuri, na mzunguko unafanywa mwishoni kwa kanuni iliyo wazi. Safari sikuihesabu. Kuvuka feri asubuhi na kukaa kwenye matatu hadi Changamwe kulinila zaidi ya hiyo ziara yenyewe, lakini hatukukubaliana juu ya muda wa njiani, na kitu ambacho hakikukubaliwa hakizaliwi kwenye ankara. Kama unaona safari itakuumiza, itaje kabla ya kazi.

Jedwali lenyewe ni fupi, kwa sababu lina kazi za saa tu. Langu la tatu lilikuwa na mistari mitatu:

8 Februari, 09:10 hadi 12:05: ziara ya yadi, picha 40 na maelezo ya hatua za kupanga kontena. Muda 3.00.

27 Februari, 14:00 hadi 17:00: sura ya foklifti, maandishi mapya. Muda 3.00.

28 Februari, 09:30 hadi 12:00: sura ya foklifti, picha 6 mpya na kupanga kurasa. Muda 2.50.

Ukijumlisha hiyo miwili ya chini unapata 5.50, iliyo kwenye mstari wa nne wa ankara. Namba lazima zikutane hivyo, mtu asilazimike kutafuta imetoka wapi.

Na hiyo 5.50 nayo ina hadithi. Saa tano na nusu kwenye Excel nilikuwa nimeiandika 5:30, nikazidisha na 1,500, ikaniletea 343.75. Ziara ya saa tatu ikaniletea 187.50. Jumla ya ankara nzima ikawa 42,531.25 badala ya 54,750, na ilikuwa usiku, nilikuwa karibu kuituma. Sababu ni kwamba programu ile huhifadhi muda kama sehemu ya siku: saa 5:30 kwake ni 5.5 kugawanya kwa 24. Dalili ni hiyo, ukiona malipo yamekuwa madogo ajabu, yazidishe kwa 24 uone kama yanarudi mahali pake. Ukitaka kubaki na muundo wa 5:30, fomula iwe hivi:

```
=C4*24*D4
```

C4 ni muda, D4 ni bei ya saa, na seli ya jibu uipe muundo wa namba, siyo wa saa. Mimi nimeachana nayo, naandika 5.5 moja kwa moja. Ila jihadhari na kosa la upande wa pili, la kuandika 5.30 ukimaanisha saa tano na nusu. Hiyo ni saa tano na dakika 18, umejipunja dakika 12.

Tukirudi kwako. Swali la kwanza ni mlikubaliana vipi. Kama mlisema "tovuti kwa 69,000", futa hizo saa 46 kabisa na uorodheshe tovuti hiyo ina nini. Kama mlisema 1,500 kwa saa, na hesabu yako inaonyesha hivyo kwa kuwa 46 mara 1,500 ni 69,000, basi saa zibaki lakini uzigawe kwa vitu vilivyotoka ndani yake. Sijui kazi yako ilivyokuwa, ila chukua mfano huu ubadilishe namba: kurasa 5 za tovuti, muda saa 20, 30,000. Maandishi ya kurasa hizo, saa 14, 21,000. Fomu ya wateja kuomba bei, pamoja na majaribio yake, saa 5, 7,500. Marekebisho yaliyoombwa kwa barua pepe ya tarehe fulani, saa 5, 7,500. Kumfundisha mfanyakazi wao kuingiza habari mpya, saa 2, 3,000. Saa 46, shilingi 69,000, lakini sasa kila shilingi ina mahali pa kukaa. Mistari mitano hadi minane inatosha. Ikizidi hapo umeanza kuandika shajara.

Usigawe kwa siku. Wengi hufanya hivyo: "Jumatatu saa 6, Jumanne saa 4". Siku ni za jedwali la nyuma. Mlipaji hakununua Jumatatu.

Na kama hamkuandikiana popote, mambo yote yalikuwa ya mdomo na simu? Usiruke kwenye ankara. Mwandikie aliyekupa kazi leo, barua pepe fupi: "Nathibitisha kwamba nimekabidhi hivi na hivi, tarehe fulani, kwa bei tuliyokubaliana ya 1,500 kwa saa. Naomba uthibitisho ili niandae ankara." Akijibu "sawa", hiyo "sawa" ndiyo makubaliano yako, na tarehe yake ndiyo utakayoitaja. WhatsApp pia huwa naikubali, ila barua pepe ni rahisi mhasibu kuichapa na kuibana pamoja na karatasi nyingine. Ukiona kuna mstari mmoja anaobishia, tuseme saa mbili za mafunzo, utoe mstari huo uwe ankara ya pili ya peke yake. Ankara hulipwa nzima au hailipwi, na hujui 3,000 za mafunzo zitakwamisha 66,000 kwa muda gani.

Mambo ya juu ya karatasi nitayapita haraka. Jina lako kama lilivyo kwenye akaunti ya benki, PIN yako ya KRA, jina kamili la kampuni kama lilivyosajiliwa na PIN yao (mimi ya kwanza niliiandikia "Kwa Bosi"), namba ya ankara, tarehe, namba ya LPO, yaani hati yao ya kuagiza kazi, kama walikupa, na maelezo ya benki. Kama hukusajiliwa kwa VAT usiongeze asilimia 16. Usajili wa lazima unaanza mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, nawe kwa tovuti moja bado.

Lakini eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, sitaipita, kwa sababu inagusa maelezo yako ya kazi. Tangu Januari 2024 kampuni hairuhusiwi kukata matumizi yake kwenye kodi kama hayana ankara ya eTIMS, ndiyo maana wahasibu wameikazania. Usiye na VAT unaweza kutumia eTIMS Lite kupitia eCitizen. Kule unaingiza kitu, idadi na bei, kwa hiyo andika mistari ileile ya ankara yako: kwa kazi ya saa, idadi ni 5.5 na bei ni 1,500. Na ujue kwamba ukishaitoa haifutiki, ukikosea unaisahihisha kwa kutoa hati ya kupunguza deni kisha unaanza upya. Kwa hiyo mimi humpelekea mhasibu rasimu kwanza, ya PDF ya kawaida, imeandikwa RASIMU kwa juu, namuuliza kama mistari inalingana na alichonacho. Akisema sawa ndipo naingia eTIMS. Laiti ningelijua hilo mapema, zile mbili zilizorudi zingerudi kama rasimu na nisingepoteza kitu.

Maana nilichopoteza ni muda. Masharti yao yalikuwa siku 30 tangu kupokea ankara sahihi, na hilo neno "sahihi" sikulisoma. Nilikuwa nahesabu kutoka tarehe 6 Machi, nikajua pesa zitaingia kabla ya Idi, ambayo mwaka ule ilikuwa tarehe 10 Aprili. Wao walihesabu kutoka tarehe 25. Kanzu za watoto nilizichukua kwa mkopo wa duka, na pesa zikaingia tarehe 24 Aprili, ubani umeshapoa.

Zilipoingia zilikuwa 52,012.50, nikataka kupiga kelele tena. Hazikuwa pungufu. Kwa kazi za kitaalamu kama hizi, malipo yakifika 24,000 kwa mwezi kampuni inakata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka KRA kwa niaba yako, na asilimia 5 ya 54,750 ni 2,737.50. Kwako itakuwa 3,450, utapokea 65,550. Usiipunguze mwenyewe kwenye ankara, jumla ibaki 69,000. Wadai cheti cha hiyo kodi, kinatoka kwenye iTax, ukihifadhi kwa ajili ya ritani kabla ya tarehe 30 Juni mwakani, kwa sababu hizo 3,450 zinahesabiwa kuwa umeshazilipa.

Weka rasimu yako mpya hapa ukiwa tayari, ufute jina la kampuni, PIN na namba ya akaunti. Mimi huingia humu baada ya Isha, nitaipitia.